Upinde wa mtambo unafundishika wiki mbili tu, mbona Wajenoa walichapwa Crécy 1346?

#1 Kisiki cha Mpingo
Wakuu, habari za jioni.

Nina swali linalonizungusha kichwa tangu wiki iliyopita. Vita vya Ulaya ya zamani vilikuwa na pinde za aina mbili zinazobishaniwa mpaka leo. Kuna upinde mrefu wa Waingereza, kipande kimoja cha mti chenye kimo cha mtu, unavutwa kwa mkono mtupu. Na kuna upinde wa mtambo, ule mfupi uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Upote wake unanaswa kwenye jino, unalenga taratibu, unafyatua.

Hoja yangu ni hii. Huu wa pili mtu yeyote anaushika kwa wiki mbili. Hautaki misuli ya ajabu, na kishale chake kinatoboa deraya. Aliye nao ndiye angepaswa kushinda. Lakini tarehe 26 Agosti 1346 pale Crécy, kaskazini mwa Ufaransa, Mfalme Philip VI alikuwa na maelfu ya Wajenoa, mamluki wa Genoa kule Italia waliosifika kwa upinde huo Ulaya nzima, na wakatimka mbele ya wakulima wa Edward III wa Uingereza wenye fimbo zilizopindwa.

Mimi nasema ni mvua. Ilinyesha kabla ya mapigano, pote zao zikalowa, basi. Bila mvua Wajenoa wangeshinda. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mama Tatu
Natandika mkeka. Uzi wa aina hii haupiti kila siku.

#3 Kijana wa Kibangu
Mkuu Kisiki upo sahihi kabisa. Waingereza walizivua pote zao wakazificha chini ya kofia, mvua ilipoisha wakazirudisha zikiwa kavu. Wa mtambo hawakuweza kufanya hivyo, maana upote wake hauvuliwi kwa mkono.

Na kuonyesha ulivyokuwa mkali, Kanisa liliupiga marufuku mwaka 1139 usitumike dhidi ya Wakristo. Upinde mrefu haukupigwa marufuku kwa sababu ulikuwa silaha ya maskini tu, haukumtisha mtu.

#4 Mzee wa Podo
Kibangu, hapo kwenye 1139 nikurekebishe mwanangu. Tamko la Mtaguso wa pili wa Laterano limetaja watu wa pinde za mtambo NA wapiga mishale, wote wawili kwa pamoja. Lile la "upinde wa mtambo pekee" limeenea sana lakini silo lililoandikwa. Na halikumzuia mtu. Mfalme Richard wa Uingereza alikufa 1199 kwa kishale cha mtambo pale Châlus, akipigana na Wakristo wenzake.

Habari ya pote chini ya kofia ipo kweli kwenye maandishi ya Jean de Venette, mtawa Mfaransa wa wakati huohuo. Ila yeye hakuwepo uwanjani. Na Froissart, ambaye simulizi lake ndilo maarufu kuliko yote, alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi siku ile. Aliandika baadaye, kwa kusikia kwa watu. Kwa hiyo tusiilalie mvua peke yake.

Kisiki, swali lako limebeba mambo matatu ndani yake: bei, muda wa kujifunza, na kazi yenyewe uwanjani. Ukiyatenganisha utaona kwamba lile la "wiki mbili" ni kweli, lakini halikuhusu Wajenoa hata kidogo. Wale hawakuwa wanafunzi wa wiki mbili. Walikuwa watu wa kazi, wanalipwa vizuri, wamekulia vitani baharini na nchi kavu.

#5 Shamba la Kilosa
Samahani wakuu kwa kuingilia. Huo upinde wa mtambo unapatikana wapi kwa sasa na bei yake ikoje? Nina ekari tatu za mahindi na ngedere wamenimaliza msimu huu. Bunduki siiwezi kwa gharama na vibali.

#6 Mama Tatu
Kaka wa Kilosa, hawa wanazungumzia mwaka 1346. Ngedere wako nenda nao kwa afisa wanyamapori wa wilaya, usije ukapata kesi juu ya hasara. Ila baki usome, huenda ukapata wazo la kitu kingine.

#7 Fundi Msumeno
Nisemee mbao, maana ndiyo kazi yangu kwa miaka ishirini na mbili.

Upinde mrefu unaonekana fimbo, lakini ule mti wao unaoitwa yuu ni wa ajabu. Fundi anauchana kiasi kwamba upande wa nje unabaki na mti mweupe, upande wa ndani kiini. Ule mweupe unavumilia kuvutwa, kiini kinavumilia kubanwa. Yaani mti wenyewe umeshaunganishwa tabaka mbili na Mungu, hauhitaji gundi. Fundi mzuri mwenye gogo lililokauka vizuri anautoa kwa muda mfupi.

Wa mtambo ni kazi nyingine kabisa. Unahitaji kitako kilichochongwa na mfereji ulionyooka, jino la pembe linalozunguka kwenye tundu lake, kifyatulio cha chuma, na kikuku cha kukanyagia mbele. Halafu upinde wenyewe: wakati ule nyingi zilikuwa za tabaka za pembe, mti na kano za wanyama, zimegandishwa kwa gundi. Gundi ya aina hiyo fundi yeyote anajua, unapaka, unabana, unasubiri. Hiyo si kazi ya wiki. Kwa hiyo kwa bei ya kifaa, upinde mrefu unashinda kwa mbali.

#8 Kisiki cha Mpingo
Asante Fundi. Lakini bei ya kifaa si tatizo la mfalme. Mfalme ana hazina. Tatizo lake ni watu. Ndiyo maana nang'ang'ania wiki mbili.

#9 Mzee wa Podo
Haya, tufanye hesabu za mfalme basi.

Miaka ya 1340 upinde mrefu usiopakwa rangi ulikuwa shilingi moja, yaani peni 12. Mpiga upinde wa miguu alilipwa peni 3 kwa siku, wa farasi peni 6. Kwa hiyo upinde ni mshahara wa siku nne tu. Rahisi mno.

Sasa angalia mishale. Fungu moja lilikuwa la mishale 24 na bei yake peni 14 hivi, inazidi ya upinde wenyewe! Mtu akipiga mishale sita kwa dakika, mwendo ambao mwenye upinde mzito anaweza kuuhimili, fungu limekwisha kwa dakika nne. Dakika nne za kupigana zimekula karibu mshahara wa siku tano. Ndiyo maana wafalme walihangaika na mishale kuliko pinde. Mwaka 1417 Henry V aliagiza kila bata bukini nchini atolewe manyoya sita ya mbawa kwa ajili ya mishale. Upande wa mtambo unatumia vishale vichache kwa sababu unapiga mara mbili au tatu kwa dakika, kwa hiyo gharama ya kila dakika ya vita ni tofauti na bei ya dukani.

Na mtu je? Upinde wa mtambo gharama yake kubwa ipo kwenye chombo. Unauweka ghalani ngomeni miaka kumi, adui akija unampa mwokaji mikate, anapanda ukutani anapiga. Upinde mrefu gharama yake ipo ndani ya mwili wa mtu, na mtu huwezi kumweka ghalani.

#10 Bi Mkunga
Mzee wa Podo, hapo kwenye mwili nimeguswa. Mimi ni mtu wa afya. Hizo pinde zilivutwa kwa uzito gani hasa?

#11 Mzee wa Podo
Shikamoo dada. Ushahidi mkubwa ni meli ya Mary Rose ya Henry VIII iliyozama 1545 na kuopolewa 1982. Ndani yake zilikutwa pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500. Walipopima na kutengeneza nakala, uzito wa kuvuta ulikuwa kati ya kilo 45 na 84, nyingi zikiwa karibu na 70. Wewe jaribu kuvuta gunia la mahindi lililopungua kidogo, kwa vidole vitatu, mpaka sikioni. Halafu rudia mara sita kwa dakika.

#12 Bi Mkunga
Marahaba, ingawa nadhani wewe ndiye mkubwa. 😊

Basi nilichosikia ni kweli, kwamba mifupa ya mabaharia wa meli hiyo ilionyesha hilo. Kwenye ncha ya bega kuna kipande cha mfupa kinachoungana na mwenzake mtu akifikia miaka ya ishirini na ushee. Kwa baadhi ya wale hakikuungana. Bega likivutwa kwa nguvu tangu utotoni linaweza kubaki hivyo. Hiyo inamaanisha walianza wakiwa watoto, mfupa ukiwa bado laini. Huwezi kumchukua mtu wa miaka 25 ukampa kilo 70. Atachana misuli ya bega kabla ya mwezi kwisha. Lazima umpandishe kidogo kidogo, kilo chache kila mwaka.

#13 Kijana wa Kibangu
Hapo nina pingamizi la heshima. Wale walikuwa mabaharia. Kuvuta kamba za tanga na kupiga makasia nako kunaumiza bega. Utajuaje ni upinde?

Na pili, 1545 ni miaka 199 baada ya Crécy. Nani kasema pinde za 1346 zilikuwa nzito kiasi hicho?

#14 Bi Mkunga
La kwanza ni pingamizi halali. Mfupa hausemi ulivuta nini, unasema ulivutwa. La pili nawaachia wanahistoria.

#15 Mzee wa Podo
Kibangu leo umenishika vizuri. Pinde nzima za karne ya 14 za Kiingereza hazijabaki za kutosha kupimwa, kwa hiyo tunakisia kutoka Mary Rose kurudi nyuma. Mimi naamini uzito ulikuwa unakaribiana, kwa sababu deraya walizokabiliana nazo 1346 zilihitaji mshale mzito, na mshale mzito hauruki na upinde mwepesi. Lakini hiyo ni imani yenye sababu, si kipimo.

#16 Nyota ya Voi
Hamjambo wadau, niko upande wa Kenya. Nimesoma kimya lakini hapa lazima niseme.

Huku kwetu Tsavo kuna Wata, wengine wanawaita Waliangulu. Walikuwa wakiwinda ndovu kwa upinde mmoja mrefu wa mti, mzito sana, unaokaribia hizo kilo mnazotaja. Mzee mmoja jirani yetu, marehemu sasa, alikuwa na upinde wa baba yake umetundikwa juu ya mlango. Mimi na kaka zangu wawili tukiwa vijana tulijaribu kuuvuta. Kaka mkubwa, mpiga mawe ya ujenzi, aliufikisha kifuani mikono ikitetemeka, akauachia. Yule mzee, mwembamba kama mwiko, aliuchukua akauvuta mpaka shavuni akiwa anaongea nasi. Hakuvuta kwa mkono, aliingia ndani ya upinde kwa mgongo, kama mtu anayefungua mlango mzito kwa bega.

Tukamuuliza alijifunza lini. Akasema alianza na kaupinde ka kuchezea, na kila akikua baba anamchongea mwingine. Kwa hiyo Bi Mkunga namuunga mkono, sijui mambo ya mifupa lakini hilo la kupanda kidogo kidogo nimeliona kwa macho.

Tofauti ni kwamba Wata walitia sumu ya msunguti. Walihitaji mshale uingie tu, sumu imalize. Mwingereza hakuwa na hiyo.

#17 Mama Tatu
Nyota, "aliingia ndani ya upinde kwa mgongo"! Nimeiona kabisa. Asante sana.

#18 Fundi Msumeno
Nyota umenikumbusha kitu. Sisi tunaangalia kilo tu tunasahau umbali wa kuvuta. Nilikaa na karatasi jana usiku, tazameni.

Upinde mrefu: kilo 70, na upote unasafiri sentimita 60 hivi tangu ulipotulia mpaka sikioni. Upinde wa mtambo mkubwa wa chuma cha pua: kilo 540, lakini ni mfupi na mgumu, upote unasafiri sentimita 16 tu.

70 × 60 = 4,200
540 × 16 = 8,640

Zote mnaweza kugawa kwa mbili kwa sababu uzito unapanda kutoka chini, uwiano haubadiliki. Kwa hiyo mtambo una kilo karibu mara nane, lakini nguvu iliyohifadhiwa ni mara mbili tu. Na mikono ya chuma ni mizito, sehemu ya nguvu hiyo inaishia kujisukuma yenyewe badala ya kusukuma kishale. Kwenye manati ni vilevile: mpira mnene na mfupi unakuumiza kidole, jiwe haliendi mbali.

#19 Mzee wa Podo
Fundi, hesabu hiyo ningekuwa mwalimu ningeibandika ukutani. Na ongeza jambo moja: ile ya kilo 540 ni ya karne ya 15, inavutwa kwa winchi yenye roda na mikono miwili ya kuzungusha. Hiyo inapiga mara moja kwa dakika, au chini ya hapo. Wajenoa wa Crécy kwa sehemu kubwa walivuta kwa kulabu ya mkandani: unakanyaga kikuku, unainama, unanasa upote kwenye kulabu, unasimama kwa miguu na mgongo. Nguvu yake ni ndogo zaidi, ndiyo maana inawahi mara mbili au tatu kwa dakika. Kwa hiyo siku ile hawakuwa na mtambo wenye nguvu za kupindukia dhidi ya fimbo. Kwa nguvu ya pigo moja walikaribiana, na kwa idadi ya mapigo Waingereza walikuwa mbele angalau mara mbili.

#20 Kisiki cha Mpingo
Naanza kulegea kidogo, lakini mvua sijaiacha. Mnasema walikaribiana. Basi mtu aliyelowa na mtu aliye mkavu, nani anashinda?

#21 Nahodha Mstaafu
Nimehudumu jeshini, naomba niangalie kwa jicho hilo. Mnazungumza silaha, mimi naangalia maandalizi.

Mtu wa mtambo anapoinama kuvuta, muda wote huo yupo wazi. Ndiyo maana Wajenoa walibeba ngao kubwa za kusimamisha ardhini. Unapiga, unajificha nyuma yake, unavuta, unachungulia, unapiga tena. Mtambo na ngao ni silaha moja, si mbili. Siku ile ngao zilikuwa nyuma kwenye mikokoteni ya mizigo ambayo haijafika. Walikuwa wametembea kutwa nzima, jioni inaingia, wanaamriwa kupanda mteremko bila ngao kumkabili mtu aliyepumzika na kujipanga juu. Kamanda wao, Ottone Doria, alikuwa na watu wazuri lakini walipewa kazi bila nusu ya vifaa vyake. Mimi ningekuwa pale ningesema tusubiri kesho. Froissart anasema kweli walilalamika kwamba wamechoka.

Halafu jua. Mvua ilipokatika jua la jioni liliwapiga usoni, Waingereza limewapa mgongo. Kulenga mlimani jua likiwa machoni ni balaa.

#22 Shamba la Kilosa
Nimebaki kusoma kama mama alivyosema. Nauliza: hao wa ngao nyuma, si wangesubiri tu mizigo? Haraka ya nini?

#23 Nahodha Mstaafu
Kilosa, swali lako ni zuri kuliko letu sote. Mfalme alitaka kusubiri, kwa simulizi zilizopo. Lakini makabaila wa nyuma walizidi kusogea mbele kila mmoja akitaka heshima ya kuwa wa kwanza, jeshi likajisukuma lenyewe vitani.

#24 Kijana wa Kibangu
Msisahau mizinga. Giovanni Villani wa Florence, aliyefariki 1348 kwa tauni, ameandika kwamba Waingereza walikuwa na mizinga Crécy iliyounguruma na kutisha watu na farasi. Huenda Wajenoa walikimbia mshindo, si mishale.

#25 Mzee wa Podo
Mizinga inawezekana ilikuwepo. Midogo, ya kutisha zaidi kuliko kuua. Lakini Wajenoa ni watu wa meli na kuzingira ngome, makelele hawayaogopi kirahisi. Pia angalia Sluys, tarehe 24 Juni 1340, vita vya baharini. Hapo kulikuwa na watu wa mtambo upande wa Ufaransa, na upinde mrefu ukawashinda vilevile. Kisiki, Sluys haikuwa na hadithi ya pote kulowa.

#26 Kisiki cha Mpingo
Mzee hapo umenifunga goli. Lakini Sluys Wafaransa walizifunga meli zao pamoja kwa minyororo, nao ni uzembe wa kamanda. Kila tukigusa vita tunakuta uzembe, silaha hatuioni yenyewe.

Na kama upinde mrefu ulikuwa bora hivyo, kwa nini Wafaransa hawakuuiga kwa miaka mia nzima?

#27 Bi Mkunga
Kwa sababu ya mabega! Mfalme anaweza kuagiza pinde 5,000 leo. Mabega 5,000 yanachukua miaka kumi na tano.

#28 Kijana wa Kibangu
Mimi nasema ni hofu. Kabaila gani anataka wakulima wake wote wawe na silaha ya kumwangusha kwenye farasi? Uingereza mfalme alikuwa na nguvu ya kutosha kuruhusu. Mwaka 1363 Edward III aliamuru wanaume wafanye mazoezi ya kulenga shabaha siku za sikukuu, akakataza mpira wa miguu.

#29 Mzee wa Podo
Amri ya 1363 isome kwa uangalifu. Ni miaka 17 baada ya Crécy, na inatolewa kwa sababu watu walikuwa WAMEACHA mazoezi, wanacheza mpira. Mfalme hakatazi jambo lisilofanyika. Hata Uingereza yenyewe ilipata shida kulinda ujuzi huo. Na miti ya yuu nayo ikawapungukia, mwaka 1472 ikatungwa sheria kwamba meli za mizigo zilete vipande vinne vya mti wa upinde kwa kila tani ya mzigo.

Wafaransa walijaribu. Mwaka 1448 Charles VII aliunda kikosi cha wapiga upinde wa vijijini waliosamehewa kodi. Kwa hiyo hofu ya Kibangu ipo, lakini haielezi yote.

Na upinde mrefu nao ulikuwa na siku zake mbaya. Patay, tarehe 18 Juni 1429, Waingereza walikutwa kabla hawajachomeka vigingi vyao mbele, farasi wakawafagia. Mpiga upinde mrefu bila vigingi ni sawa na Mjenoa bila ngao.

#30 Nahodha Mstaafu
Hapo mzee umesema ninachotaka kusema tangu jana.

Niongeze la mwisho kwa Kisiki. Wajenoa waliporudi nyuma, wapanda farasi wa Ufaransa, wakiongozwa na ndugu wa mfalme, mkuu wa Alençon, waliwaona wasaliti wakapita juu yao, wengine wakiwakata kwa panga. Hatuna namna ya kujua ni wangapi walikufa kwa mshale na wangapi chini ya kwato za upande wao. Hata idadi yao tu waandishi wa wakati ule wanagombana: Froissart anasema 15,000, Villani 6,000.

#31 Kisiki cha Mpingo
Hilo la kukanyagwa na wenzao sikulijua. Linauma.

Mvua bado naibakiza lakini naishusha cheo, iwe ya tatu baada ya ngao na mwendo wa kuvuta.

#32 Fundi Msumeno
Mvua hiyo tuijaribu badala ya kubishana. Uzi wa kitani ukilowa, kwa ninavyoujua mimi karakana, haukatiki upesi. Unavimba na kuwa mzito. Na watu wa zamani walipaka nta. Mimi nina hofu zaidi na gundi ya upinde wenyewe kuliko upote, ingawa nao walikuwa wakiuvika ngozi.

Jumamosi nasokota pote mbili za kitani, nene kama kidole cha mwisho. Moja naipaka nta ya nyuki, moja naiacha. Naziloweka nusu saa, kisha nazitundikia mzigo uleule.

#33 Nyota ya Voi
Fundi, pima urefu kabla na baada, si uzito peke yake. Yule mzee wetu alikuwa akivua upote mawingu yakikusanyika, na alichokuwa akilalamikia ni kwamba "unabadilika urefu". Hakutaja kukatika hata mara moja.

#34 Fundi Msumeno
Nimeandika. Futi kamba ninayo, nta naipata kesho sokoni.